Mstari wa Chini wa Ukurasa 87

Mimi ndiye niliyekuwa mtunzaji wa sanduku. Niseme hivyo mwanzoni, ili mtu asifikiri nalalamika kama mpita njia. Kwa miaka miwili ya masomo ya jioni, sanduku la viatu, namba arobaini na tatu, lililotoka kwenye kibanda changu cha viatu pale Kadutu, Bukavu, lilikuwa chini ya kwapa langu kila jioni kuanzia saa kumi na moja, na hakuna padri aliyebeba sakramenti kwa heshima kama nilivyolibeba.

Tuliliita benki. Ndani yake mlikuwa na riwaya nzima, imekatwa vipandevipande kama mbuzi wa harusi. Riwaya ilikuwa moja, ya Kifaransa, ndiyo mwalimu wetu aliyoichagua kwa darasa la sita la sekondari, na sisi tulikuwa watu thelathini na wawili: wauza mchele, dereva, askari mstaafu, wanawake wenye wajukuu. Kununua nakala thelathini na mbili ilikuwa ndoto. Basi mwalimu alikopa kitabu kimoja kwa siku moja, akanituma nikipige fotokopi, na kutokana na fotokopi hiyo tukatengeneza fishi, vikadi vya kuandikia. Fishi nyeupe zilikuwa za wahusika: huyu ni nani, anataka nini, anabadilika wapi. Za njano zilikuwa za mada. Za buluu, ambazo ndizo zilikuwa dhahabu yetu, zilikuwa za nukuu. Juu unaandika ukurasa na sura, katikati maneno yenyewe, chini yake nani anasema, anamwambia nani, wakati gani. Halafu mistari miwili ya mwisho, ambayo mwalimu alikuwa anaipigia kelele hadi Rwanda ng'ambo ya pili wanasikia: «Inathibitisha nini?» na «Inaweza kupingwa na nini?»

«Nukuu bila hoja ni kuku bila miguu,» alikuwa akisema. «Itakupeleka wapi?»

Mfumo ulikuwa mzuri. Ninasema hivi nikiwa na hasira bado. Mtu aliyefanya kazi kutwa nzima, mikono inanuka samaki, alikuwa anafika, anachota fishi sita, na akitoka anajua kupanga disertasyo, ile insha ya hoja: kwanza hoja, kisha pingamizi, kisha kuziunganisha, na kila aya imesimama juu ya maneno ya kitabu, haielei hewani. Mimi mwenyewe niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano. Benki ile ndiyo iliyonifundisha kwamba mtu hawezi kusema tu «mimi naona». Anapaswa kusema naona kwa sababu ya nini.

Hadithi ya kitabu ni fupi. Mwanamke mmoja, mume wake alikwenda kuchimba dhahabu na hakurudi. Wajomba wa mume wanakuja kuchukua shamba. Ukurasa 87, mbele ya wote, anawaambia maneno ambayo kila mmoja wetu aliyajua kuliko Baba Yetu: «Chukueni shamba. Mimi ninanyamaza.» Fishi ya buluu ilisema: mjane kwa wajomba, siku ya kugawa mali. Inathibitisha: desturi inamshinda mtu, mjane amekubali. Halafu sura ya kumi na mbili, mjane huyohuyo anasimama kwenye baraza na kutoboa kila kitu: shamba lilikwisha kuuzwa zamani, na muuzaji ni mjomba mkubwa. Fishi nyeupe ya mjane ilisema kuhusu hapo: «Badiliko la ghafla la tabia. Udhaifu wa mwandishi.» Ndiyo. Darasa la wauza samaki na viatu, tulikuwa tunamhukumu mwandishi kwamba hajui kazi yake.

Sasa nimtaje yule maman. Alikuwa anakaa mstari wa mbele, karibu na dirisha lisilo na kioo. Mzaliwa wa Mudaka, nje ya mji, watoto wanne, bwana hakuna. Kutwa alikuwa anafanya kazi za nyumbani kwa Madame mmoja wa mtaa wa Nguba, mama wa ofisi. Kule Mudaka masista wa shule ya watoto wadogo walikuwa wamemwambia: leta Diploma ya Serikali, cheti cha kumaliza sekondari, kabla ya Septemba, nafasi ya mwalimu msaidizi ni yako. Angerudi kwao, angeishi na watoto wake badala ya kuwaona Jumapili tu. Kwa hiyo tulijua wote alichokuwa anatafuta. Na tulijua kanuni ya shule yetu: aliyeanguka Kifaransa katika mtihani wa ndani, jina lake halitumwi kwenye orodha ya watahiniwa. Mwaka umekwisha, rudi mwaka ujao kama una nguvu.

Kitu kimoja tulikuwa hatukijui. Madame wa Nguba alikuwa na rafu ya vitabu, na riwaya yetu ilikuwa pale, nzima, na jalada lake. Maman alikuwa anaisoma kwa kusimama, wakati pasi inapata moto, ukurasa mmoja kwa kila shati. Niliposikia nilihesabu mashati ya bwana wa nyumba ile nikaona lazima alikuwa anabadilisha manne kwa siku.

Mtihani wa ndani ukaja. Swali: «Mjane wa riwaya hii ni mtu aliyeshindwa na desturi. Jadili.» Tukafurahi kama watu waliookota ng'ombe. Hilo lilikuwa swali la benki kabisa.

Siku ya kurudisha kazi, mwalimu aliingia na karatasi moja mkononi, zingine ndani ya mkoba. Alikuwa mtu mwenye koti la kijivu na kifua mbele, na sauti ambayo ingeweza kuvuka Ziwa Kivu bila mashua.

«Mu hii darasa,» akasema, «kuko na muandishi. Hatukujua. Tunakaa na muandishi na hatumupe hata kiti.»

Watu wakacheka kabla hawajajua wanamcheka nani.

«Ameona riwaya iko mufupi, akaongeza. Musikilize!» Akasoma, kwa Kifaransa, ambacho nakiweka hapa kwa Kiswahili: «Chukueni shamba. Mimi ninanyamaza mpaka nijue ni nani kati yenu aliyekwisha kuliuza.» Akashusha karatasi. «Mutunzaji! Fishi ya page 87. Simama, soma.»

Nikasimama. Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, na inaanzia kwangu mwenyewe. Nilisimama kwa furaha. Nilivuta fishi kutoka kwenye sanduku kwa vidole viwili, kama fundi wa karata, nikasoma kwa sauti ya redio: «Chukueni shamba. Mimi ninanyamaza.» Nikatulia kidogo, nikaongeza kwa ujinga wangu: «Basi. Imeisha.»

Darasa likapasuka kwa kicheko.

«Umesikia, maman?» mwalimu akasema. «Nukuu ya kubuni. Zéro kwa kazi yote.»

«Papa Prof, iko mu kitabu,» akasema yule maman, bila kuinua sauti.

«Kitabu gani? Kitabu ni hii!» Akalipiga sanduku langu kwa kiganja, kifuniko kikaruka.

Kwenye ngazi, wakati wa kutoka, alinisubiri. Nilijaribu kupita kando, kando hapakuwapo.

«Papa wa sanduku. Ulisoma vizuri. Sauti yako iko nzuri hata kwa matanga.»

«Maman, mi nasoma tu kile kimeandikwa.»

«Nani aliandika?»

Ile fishi ilikuwa mwandiko wangu.

«Fishi ulisoma. Kitabu, ulisomaka?» Akafunga kitenge chake kiunoni. «Angalia fotokopi. Page 87, kule chini.»

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimekasirika kiasi kwamba ungeweka sufuria ya maharagi kichwani mwangu yangeiva kabla sijafika mtaa wa Essence. Yeye nani wa kuniambia mimi sijasoma? Asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, nikatoa lile rundo la fotokopi, nikatafuta ukurasa 87.

Chini kabisa ya karatasi palikuwa na mstari mmoja zaidi. Si mstari, ni vichwa vyake. Mashine ilikuwa imeukata katikati, ikabaki sehemu ya juu tu ya herufi, kama watu waliozama mtoni na nywele zinaonekana. Nikakumbuka vizuri sana. Ni mimi niliyemwambia kijana wa mashine abane kurasa mbili kwenye karatasi moja, nikamhimiza afanye haraka kwa sababu kitabu kilipaswa kurudi. Baadaye, nikiandika fishi, niliona maneno «ninanyamaza», nikaona chini vumbi jeusi, nikafunga sentensi. Mwalimu naye alisoma fotokopi hiyohiyo. Yeye aliyekuwa anatuambia ameizoea riwaya ile kama njia ya chooni kwake, hakuwahi kuisoma zaidi ya sisi.

Nikampelekea karatasi. Nilimkuta kwenye ofisi ya walimu, anakula mkate.

«Ona, Papa Prof. Kuko mustari umekatwa.»

Akaangalia muda ambao ungetosha kusoma Agano la Kale. Aliona. Ninaapa aliona, kwa sababu aliacha kutafuna.

«Hii ni uchafu wa mashini.»

«Uchafu iko na nukta juu ya i?»

«Unanifundisha?»

«Hapana, Papa Prof. Lakini orodha inaondoka siku ya pili, Jumanne.»

«Basi alete kitabu. Mi siwezi kurudisha points kwa vumbi.»

Jumamosi asubuhi tukaenda Nguba. Maman alitembea mbele na mimi nyuma, wala hakunisemesha tangu tulipoanza kushuka. Alichokuwa anahatarisha nilikielewa tulipofika getini: ili kukiomba kitabu, alipaswa kukiri kwamba miezi yote alikuwa anakisoma saa za kazi. Madame alikuwa barazani na kompyuta yake. Alisikiliza mpaka mwisho, miwani kwenye ncha ya pua.

«Ni kusema, unasomaka vitabu yangu na pasi ya moto mukononi?»

«Naiweka chini kwanza, Madame.»

«Ndiyo maana mashati ya papa haiishake!»

Nikafikiri kazi imekwisha, na kwamba nitakuwa nimemnyima mtu diploma na mshahara katika wiki moja. Madame akaingia ndani, akarudi na kitabu, akakiweka mezani na kuweka kiganja juu yake.

«Hakitoke hapa. Mu Bukavu kitabu kikitoka ni kama bwana akienda Luhwindja kuchimba. Unangoja tu. Anayetaka kukiona, akuje.»

Nikafungua ukurasa 87. Mstari wa mwisho ulikuwa pale, mweusi, mzima, neno kwa neno kama maman alivyouandika. Nikapiga picha kwa simu, tatu, moja ikiwa na jalada. Niliona aibu na nilikasirika kwa pamoja, na vitu hivyo viwili vikikutana kifuani mtu anatembea haraka sana. Nilipanda kutoka Nguba kwa mwendo ambao pikipiki zilinipa njia.

Mwalimu nilimkuta kwake. Akaitazama picha kutoka mbali, mikono nyuma.

«Nani alipiga hii foto?»

«Mimi.»

«Na fotokopi, nani alipiga?»

«Mimi.»

«Na fishi, nani aliandika?»

«Ni mimi, Papa Prof.»

«Na wewe unakuja kuwa shahidi!» Akacheka. «Rudi kwa viatu yako, mwana.»

Nikamwambia kwamba Madame anamkaribisha kuja kuona mwenyewe. Akasema yeye si fundi bomba wa kuzunguka kwenye nyumba za watu. Nilitoka pale nimefunga ngumi. Nilikuwa nimezoea kudanganywa na wauzaji wa soli za bandia, wale angalau wanatabasamu. Huyu aliona ukweli, akaona pia kwamba ukweli umetokea kwenye mikono michafu, akachagua mikono.

Siku iliyotangulia kutumwa orodha tulikuwa na marudio. Nikasimama kabla ya mwalimu kuingia, nikawaeleza wenzangu yote: mashine, vichwa vya herufi, fishi yangu, kitabu cha Nguba. Nilitegemea watalia nami. Askari mstaafu ndiye aliyejibu kwanza.

«Ngoja. Kama mjane hakushindwa, sisi wote benye tuliandika ameshindwa, tunapata ngapi?»

Zikalipuka kelele kama soko limeshika moto.

«Munataka tuanguke wote?»

«Funga hiyo sanduku!»

«Maman, ungesoma tu fishi kama watu!»

Watu niliowabebea mzigo wao miaka miwili! Mwanamke mmoja muuza ndagala, yaani dagaa, ambaye nilimwandikia fishi zake zote kwa sababu macho yake yanamsumbua, akanitupia kofia. Mwalimu akaingia katikati ya hayo, akauliza kuna nini, akaambiwa na watu kumi kwa mara moja, akageuka kwangu akiwa na uso wa mtu anayetafuta fimbo.

Hapo maman akasimama. Hakuniangalia mimi wala darasa.

«Papa Prof, sitaki kugombana. Ule mustari, utoe. Sema sikuandika. Sasa tufanye mu sanduku yenu tu.»

Akaja mbele, akaingiza mkono katika benki. Alizivuta fishi moja moja, akazisoma kwa sauti ileile ya chini, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili darasa lile lilisikia nzi akitembea.

Fishi ya buluu, ukurasa 91: siku mbili baada ya mgawanyo, mjane anaamka mapema kuhesabu mawe ya mpaka. «Munaandika: inathibitisha huzuni. Mutu wa huzuni anahesabia mawe nini? Anahesabu kwa sababu anataka kujua kama mpaka ulisogea.» Fishi ya ukurasa 103: anamuuliza mpima ardhi aliandikisha karatasi kwa jina gani. «Munaandika: inathibitisha ujinga wake wa sheria. Mujinga anaulizaka swali ya kwanza kabisa ya sheria?» Kisha akachukua fishi nyeupe, ile yenye «badiliko la ghafla». Akaiweka juu ya meza kando ya zile mbili.

«Mawe, karatasi, baraza. Hii iko njia, Papa Prof. Hii haiko ghafla. Muandishi hakulala. Ni sisi. Hoja yangu inasimama na mustari wa 87 ao bila mustari wa 87. Ulisema zéro kwa kazi yote. Mi naomba unihesabie kazi, utoe tu huo mustari.»

Mwalimu alizitazama fishi tatu. Zilikuwa zake, kwa kanuni yake, kwa mistari yake miwili ya mwisho. Angezikataa, angekuwa ameikataa benki yote, na siku iliyofuata asingekuwa na cha kufundisha. Muuza ndagala akasema polepole, kama mtu anayejisemea: «Kweli, mawe anahesabia nini?»

Mwalimu akatoa karatasi ya maman kutoka kwenye mkoba. Akaisoma akiwa amesimama, aya kwa aya, kalamu nyekundu ikiwa hewani. Kwenye nukuu ya ukurasa 87 akapiga mstari, mrefu, akibonyeza mpaka karatasi ikatoboka. Mahali pa sifuri akaandika kumi juu ya ishirini. Kumi ndiyo mpaka. Chini yake mtu ameanguka.

«Nukuu inabakia ya kubuni,» akasema. «Tuendelee. Mada ya urithi. Mutunzaji, fishi za njano.»

Tuendelee! Nilikuwa na maneno mdomoni ya kutosha kujaza gunia la mihogo. Nilitaka aseme, mbele ya watu walewale aliowafanya wamcheke maman, kwamba mstari upo. Kwamba ameviona vichwa vya herufi zake. Nikafungua kinywa, na maman, akipita kurudi kwenye kiti chake, akanikanyaga mguu, kwa kisigino, kwa nguvu zote za Mudaka.

Orodha ilibandikwa mlangoni saa kumi alasiri ya siku iliyofuata. Majina thelathini na moja yamepigwa kwa mashine, na chini kabisa, kwa kalamu, mwandiko wa mwalimu, jina la thelathini na mbili. Hakuweka chochote kando yake, wala muhuri. Nilisimama pale nikilitazama, nikisema kwa sauti kwamba nitamfuata hadi kwake, nitamchukua kwa koti lake la kijivu, nitamshusha Nguba, nitamkalisha mbele ya kile kitabu mpaka akisome chote kwa magoti.

«Umemaliza?» maman akauliza nyuma yangu.

«Sijamaliza! Alikuita muongo mbele ya watu. Na mimi nilisoma. Ni mimi nilisoma!»

«Najua ni wewe. Mi nilikuwa pale.» Aliligusa jina lake kwa kidole, kuona kama wino umekauka. «Natafuta diploma, papa. Pole yake nitaipika na nini? Kesho unipatie fishi zote za buluu na ile fotokopi. Kila ukurasa wenye umekatwa chini, nitauangalia wakati pasi inapata moto.»

Aliangalia zote. Kulikuwa na fishi kumi na moja nyingine zenye kosa lilelile. Tisa zilikuwa za mwandiko wangu.